Pengo Katika Picha Lina Mwenyewe

Hakuna shughuli katika nchi hii, iwe ya harusi, semina, mahafali au ufunguzi wa kisima, inayomalizika bila ya picha ya pamoja. Watu hupangwa, mgeni rasmi huwekwa katikati, watoto huketishwa mbele, na mpiga picha hupaza sauti akiwataka watu wasogeane. Hata hivyo, si mara zote watu husogeana. Picha inapotoka huonekana ndugu mmoja amesimama pembeni, baina yake na wenziwe pana nafasi ya kupita mkokoteni. Hapo ndipo siku hizi hutolewa agizo ambalo zamani lisingewezekana: "Msogeze huyu."

Safu hii leo inapenda kulizungumzia agizo hilo. Linatolewa kwa wepesi kila siku katika vibanda vya picha vya Mbagala, Tandika na Tegeta, na linatolewa vilevile katika ofisi za umma, Bara na Visiwani. Tunataka kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwani wengi wanaoiagiza hawajui kwamba kumsogeza mtu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kulijenga upya pale mahali alipoondoka. Kisha tutasema ni wapi kazi hii ni halali na ni wapi haifai kufanywa hata kama fundi anaiweza.

Tuanze na kisa kilichotufika wenyewe. Katika harusi ya jamaa zetu huko Mbagala, wilayani Temeke, ilipigwa picha ya familia uani, mbele ya ukuta wa matofali ya saruji ambao haujapigwa lipu. Waliosimama walikuwa sita. Watano walikuwa wameshikana mabega. Wa sita, mjomba wetu aliyevuka bahari kutoka Pemba kuja kuozesha, alisimama upande wa kulia peke yake, amevaa kanzu na kofia, mikono ameifunga nyuma. Wenye harusi walipoiona picha hawakuipenda. Walisema mzee anaonekana kama mpita njia. Wakaipeleka kibandani, kijana akamsogeza, ikachapishwa, ikatiwa kioo na kupelekwa Wete.

Baada ya wiki moja mjomba alipiga simu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, picha nimeipokea, ahsanteni sana. Lakini huyo aliyesimama hapo si mimi. Mimi sikusimama bega kwa bega na mke wa mtu."

Hapo ndipo tulipozinduka. Aliyekuwa jirani yake katika mstari ule alikuwa shemeji wa bwana harusi, mwanamke ambaye si maharimu wake. Mzee aliiacha ile nafasi kwa makusudi, kama alivyofunzwa tangu chuoni, na mtu yeyote aliyesoma msahafu mbele ya mwalimu angepaswa kuitambua. Sisi tuliokuwa na elimu hiyo hiyo tuliliona pengo tukadhani ni kosa la mpiga picha. Kumbe pengo lilikuwa na mwenyewe.

Tuliirudisha kazi kibandani, safari hii tukakaa na kijana mwingine, mwenye subira zaidi, tukamtazama akifanya. Yale tuliyoyaona ndiyo tunayotaka wasomaji wetu wayafahamu.

Picha ya kamera ya siku hizi ni chandarua cha nukta. Ile yetu ilikuwa na nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Jambo la kwanza alilofanya kijana huyu lilikuwa kupima, wala hakugusa kitu kabla ya hapo. Mjomba, ambaye kimo chake ni kama sentimita 168, alichukua nukta 2,400 kutoka wayo hadi utosi. Kwa hesabu hiyo kila nukta mahali pale ilikuwa sawa na milimita 0.7. Pengo baina yake na jirani lilikuwa nukta 900, yaani sentimita 63. Fundi wa kwanza alikuwa amemsogeza nukta 1,000, na kwa hiyo bega la mzee lilikuwa limeingia juu ya bega la jirani kwa kiasi cha sentimita 7. Mtu akipima, adabu na utovu wa adabu huonekana katika tarakimu.

Tukakubaliana, kwa kumuuliza mzee mwenyewe kwa simu, kwamba asogezwe lakini asiguse, na ibakie nafasi ya shibiri moja. Fundi akatazama ukuta, akahesabu, akasema atamsogeza nukta 600 kamili, na pengo litakalobaki litakuwa nukta 300, sawa na sentimita 21. Tukamuuliza kwa nini 600, isiwe 580 au 650. Jibu lake lilitufunza mengi.

Matofali ya saruji yanayojengewa nyumba zetu ni yale ya inchi 6 kwa 9 kwa 18. Tofali moja pamoja na kiungo chake cha udongo wa saruji huchukua kama sentimita 47 za ukuta. Kwa kuwa ukuta ule ulikuwa hatua moja nyuma ya watu, katika picha ulionekana mdogo kidogo kuliko watu, na kila tofali lilichukua nukta 600. Maana yake ni kwamba ukikata kipande cha ukuta na kukipeleka kushoto au kulia kwa nukta 600, viungo vya tofali vitaangukia juu ya viungo, vya wima na vya mlalo. Ukikipeleka kwa nukta 580, kila kiungo cha wima kitapinda, na jicho la mwanadamu, ambalo huenda lisigundue uso uliobadilishwa, hugundua mara moja mstari wa fundi mwashi uliokatika.

Baada ya kupima, alifanya jambo la pili: alikata picha kwanza kwa macho. Mtu wa pembeni akisogezwa ndani, upande wake wa nje hubaki uwanja mtupu. Mjomba alikuwa amesimama kati ya nukta ya 4,500 na ya 5,200 kutoka kushoto. Akisogea 600, atasimama kati ya 3,900 na 4,600, na tundu litakalobaki ni la kutoka 4,600 hadi 5,200. Lakini upande wa kushoto wa picha, kutoka ukingoni hadi kwa mtu wa kwanza, palikuwa na nukta 300 tu. Ikiwa na upande wa kulia utabakishiwa 300 ili picha iwe na mizani, ukingo mpya utakuwa kwenye 4,900, na nusu ya tundu itatupwa pamoja na karatasi. Fundi wa kwanza hakulifikiria hilo. Alijenga tundu zima, na kazi yake yote ya makosa ikabaki peupe. Aliyekuwa amesimama katikati ya mstari hana bahati hii, kwani tundu lake lina watu pande zote mbili. Huyo ni mgumu mara dufu, na heri apigwe picha upya.

Ndipo akaanza kazi ya mikono. Kwanza alitoa nakala ya faili, na ile asilia akaiweka kando bila kuigusa. Kisha akamzungushia mjomba mstari, akamnyanyua na kumweka katika tabaka lake peke yake, kama mtu anayekata kishada kwenye karatasi. Kofia na kanzu ni vyepesi, kwa sababu kingo zake ni kali. Ndevu ni ngumu, kwa kuwa baina ya unywele na unywele ukuta huchungulia. Mtandio mwepesi wa mwanamke ni mgumu kupita vyote, maana ukuta wa nyuma huonekana kupitia kitambaa, na ukimsogeza mvaaji unauhamisha ukuta wa zamani ndani ya mtandio wake. Kwa bahati aliyehama hapa hakuwa na mtandio. Ndevu alizilainisha ukingo kwa nukta mbili tatu, akaacha nywele za pembeni kabisa zipotee kuliko kuziacha zimevaa utaji wa rangi ya saruji.

Alipomsogeza hakumpandisha wala kumshusha. Hili ni jambo ambalo wengi hukosea. Mtu aliyesimama nyuma kidogo nyayo zake huonekana juu zaidi katika picha, na mwili wake huonekana mdogo. Ukimteremsha ili nyayo zilingane na za jirani bila ya kumkuza, utakuwa umemfanya mtu mzima kuwa kibeti. Mjomba na jirani yake walikuwa kwenye mstari mmoja, basi alikwenda mlalo tu. Lakini alimpunguza upana kwa sehemu 3 katika 100. Lenzi inayochukua eneo pana huwanenepesha waliosimama ukingoni, na mtu akiletwa ndani akiwa na unene wa ukingoni huonekana amevimba mbele ya wenziwe.

Sasa likabaki tundu. Kwa ukuta alichukua kipande kutoka kulia kwake, kuanzia nukta ya 5,200, akakileta kushoto kwa 600. Viungo vikakutana. Kwa kuwa kile kipande cha asili kilikuwa nje ya ukingo mpya, hata doa la chokaa lililokuwa juu ya tofali mojawapo halikuonekana mara mbili. Rangi hata hivyo haikukubali mara moja. Upande wa kulia ulikuwa mwangavu kidogo kuliko katikati, na kipande kikaonekana kama kiraka cha suruali. Ilibidi akitie kiza kidogo, kidogo sana upande wa kushoto na kidogo zaidi kuelekea kulia, mpaka mpaka wenyewe ukapotea.

Ardhi ilikuwa na habari nyingine. Picha ilipigwa baada ya alasiri, jua likitoka kushoto, na vivuli vyote vililala juu ya mchanga kuelekea kulia. Katika picha ya kwanza fundi alimhamisha mzee akakisahau kivuli chake. Pale ukutani Wete palikuwa na mwanamume asiye na kivuli, na hatua mbili kando yake kivuli kisicho na mtu. Tulipooneshwa tuliona haya, kwani tulikuwa tumeitazama picha ile wiki nzima bila kuliona jambo hilo. Fundi wa pili alimkata mjomba pamoja na kivuli chake, na kwa hiyo hakuweza kuchukua mchanga wa kulia kama alivyochukua ukuta, maana pale ndipo kivuli cha zamani kilipolala. Aliuchukua kutoka lile pengo la zamani, baina ya ncha ya kivuli cha jirani na mahali zilipokuwa nyayo za mjomba, na aliuchukua kwenye kimo kilekile cha picha. Mchanga husamehe, hauna mistari kama ukuta, lakini chembe zake huonekana kubwa karibu na kamera na ndogo mbali nayo. Ukileta mchanga wa mbele ukauweka nyuma, ardhi huonekana imemwagiwa kokoto.

Zipo programu zinazofanya haya yote kwa mpigo mmoja. Tangu mwaka 2012 programu ya Photoshop imekuwa na chombo kiitwacho `Content-Aware Move`, ambacho humhamisha mtu na kulijaza tundu lake chenyewe kwa kukopa sehemu za jirani. Juu ya majani, bahari au mchanga mtupu hufanya kazi ya kupendeza. Juu ya ukuta wa matofali, vigae au nondo za dirisha hukopa bila kuhesabu. Ndicho kilichotumika katika picha ya kwanza, na ndicho kilichotuletea kiungo kilichokatika na dirisha lenye ncha mbili. Chombo hakina kosa. Kosa ni la aliyekibonyeza akaondoka bila kuikagua kazi.

Na kukagua si kugumu. Ikuze picha mara mbili ya ukubwa wake, ufuate kila mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Tafuta doa linalojirudia. Hesabu vivuli, kisha hesabu watu. Halafu igeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, kwani jicho lililozoea picha halioni kitu mpaka lichanganywe kidogo. Afisa yeyote anayepokea picha kutoka nje ya ofisi yake anaweza kuyafanya haya kwa dakika tano.

Mjomba aliipokea picha ya pili akaitundika. Kwa picha ya familia, basi, tunasema jambo hili ni halali, kwa sharti mbili. Kwanza, aulizwe anayesogezwa, na aulizwe pia anayesogezewa, maana yule shemeji naye alikuwa na haki ya kuulizwa na hakuulizwa na mtu. Pili, ile picha asilia ihifadhiwe. Picha ya ukutani ni pambo la nyumba, na kila aliyemo anajua ilivyokuwa.

Picha ya umma ni jambo jingine kabisa, na hapa tunazungumza na ndugu zetu watendaji. Picha ya pamoja ya mkutano wa serikali, ya ziara ya kiongozi au ya kutiwa saini mkataba si pambo. Ni kumbukumbu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikusema kwamba kumbukumbu ni karatasi peke yake. Mtu atakayeifungua picha hiyo miaka 50 ijayo ataisoma kama anavyosoma muhtasari wa kikao: nani alikuwepo, nani alikaa karibu na nani, nani alijitenga. Tunajua sote kwamba katika nchi yetu nafasi ya mtu katika picha husemwa na husomwa. Kumsogeza mkuu mmoja hatua moja karibu na mwenzake ni kuandika katika muhtasari neno ambalo hakulisema.

Ulimwengu umekwisha kupitia njia hii. Mnamo Februari 1982 jarida la National Geographic la Marekani lilichapisha katika jalada lake piramidi za Giza, Misri. Picha ilipigwa kwa mlalo na jalada ni la wima, kwa hiyo piramidi mbili zikasogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee. Wakubwa walijitetea kwamba ni sawasawa na mpiga picha angesogea hatua chache upande. Hoja hiyo inavutia, lakini si kweli. Mpiga picha akisogea, kila kitu husogea pamoja naye, kivuli, upeo wa macho na mchanga, na ulimwengu hubaki na hesabu yake. Kompyuta ilisogeza piramidi peke yake. Jarida lile lilisutwa kwa miaka mingi kwa ajili ya jambo ambalo halikumdhuru mtu yeyote.

Mwaka 2003, katika vita vya Iraki, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha picha mbili alizozipiga karibu na Basra, ili mkono wa askari wa Kiingereza na mwendo wa raia aliyebeba mtoto vikutane vizuri zaidi. Kilichomfichua ni kile tulichokitaja: watu waliochutama nyuma walionekana mara mbili. Aliachishwa kazi mara moja. Hakuna aliyesema kwamba askari hakuwepo au kwamba raia hakuwepo. Wote walikuwepo. Kilichoongopwa kilikuwa nafasi iliyokuwa baina yao.

Kuna wanaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwamba watu walikuwa kwenye chumba kimoja, na sentimita 40 si hoja. Tunawajibu kwamba kama sentimita 40 si hoja, basi ziachwe zilivyo. Anayetaka ziondolewe ndiye anayekiri kwamba zina maana.

Kwa hiyo tunatoa rai. Katika ofisi za umma, mtu asisogezwe ndani ya picha. Kukata kingo, kunyoosha picha iliyolala upande na kuongeza mwanga vinatosha. Nafasi ikiwa kubwa, dawa yake iko kabla ya kubonyeza kamera: mpiga picha awaombe wakubwa wasogeane, na asione haya kuwaomba mara ya pili. Wakikataa kusogeana, hiyo nayo ni habari, na kazi ya picha ni kuihifadhi. Ikiwa bango au kalenda inahitaji lazima watu wakaribiane, iandikwe chini kwamba picha imerekebishwa, na faili asilia ibaki masijala pamoja na majina na tarehe.

Tulipomtembelea mjomba Wete tulizikuta picha mbili, moja ukutani na moja chini ya mto. Ile ya chini ya mto ilikuwa ile asilia, yenye pengo la sentimita 63. Tulipomuuliza kwa nini ameihifadhi, alisema ile ya ukutani ni ya wageni, na hii ni ya siku ile yenyewe.